Kipima muda cha pendulamu kikikosea: lipime kosa kabla hujagusa uzi

"Mjomba, dakika kumi zangu zimekwisha na za simu bado."

Mpwa wangu aliniambia hivyo akiwa amesimama barazani, mkono mmoja umeshika simu na mwingine kipande cha mshipi. Shuleni walikuwa wametakiwa watengeneze kitu kitakachohesabu dakika kumi bila umeme wala betri, naye akachagua pendulamu. Aliponiita alikuwa amekwisha kufungua fundo mara mbili. Mara ya kwanza aliurefusha uzi, mara ya pili akaufupisha, na kila akigusa kosa lilibadilika bila yeye kujua kwa nini.

Hapo ndipo wengi hupotea. Pendulamu ina vitu vichache sana vinavyoweza kuharibika, na kila kimoja huacha kosa lenye sura yake. Ukiandika kosa ni sekunde ngapi, ni la kuwahi au la kuchelewa, na hubadilika vipi unapopima muda mfupi au mrefu, mara nyingi utajua chanzo kabla hujasimama juu ya kiti kufikia boriti. Kwa hiyo nilimwambia aweke mshipi chini, achukue daftari.

Kilivyotundikwa

Chetu kilikuwa na kulabu mbili ndogo zilizopigwa kwenye boriti ya baraza, umbali wa sentimita 40 kutoka moja hadi nyingine. Kwenye kila kulabu uliteremka uzi wa mshipi wa nailoni, na nyuzi zote mbili zikakutana kwenye pete ya chubwi la risasi la robo kilo, lile wanalotumia wavuvi. (Risasi ni sumu. Mtoto akimaliza kulishika anawe mikono kwa sabuni kabla hajala.) Ukitazama kutoka mbele unaona umbo la V. Tuliacha uzi mmoja kwa sababu pendulamu ya uzi mmoja, ukiiachia vibaya kidogo tu, huanza kuzunguka kama jiwe la kombeo badala ya kwenda na kurudi. V huilazimisha ibembee kuelekea barabarani na kurudi ukutani, basi.

Chini yake tuliweka karatasi yenye mstari wa kalamu mahali chubwi linapotulia. Mbembeo mmoja tunauhesabu hivi: chubwi linapita juu ya mstari likielekea barabarani, linakwenda, linarudi, linafika ukutani, kisha linapita tena juu ya mstari likielekea barabarani. Muda huo ndio kipindi, na fomula yake ni hii:

```
T = 2 × π × √(L ÷ g)
L = g × T² ÷ (4 × π²)
```

T ni kipindi kwa sekunde, L ni urefu kwa mita, na g ni nguvu ya mvutano wa dunia, ambayo hapa Mombasa ni karibu 9.78. Tulitaka kipindi cha sekunde 2 ili mibembeo 300 itoe dakika 10 kamili. Ukiweka 2 mahali pa T, unapata L ya sentimita 99.1.

Uzito haumo kwenye fomula. Chubwi la nusu kilo litabembea kwa kipindi kilekile cha la robo kilo. Faida yake ni kwamba hewa hailichoshi haraka. Ndiyo sababu chupa tupu ya plastiki haifai: ndani ya muda mfupi inakuwa inatikisika tu, na huwezi kusema imepita mstari lini.

Kuhesabu hadi 300 kwa mdomo ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Tulitumia bao la nyumbani. Mmoja anahesabu hadi kumi kisha anaanza upya, na mwenziwe kila akisikia "kumi" anaweka kete moja shimoni. Kete 30 ni dakika 10. Bao lina kete 64, kwa hiyo linaweza kukufikisha hadi dakika 21 na ushei.

Kinaisha nusu ya muda, au kinachukua mara mbili

Kosa la ukubwa huu kamwe si la uzi. Kama dakika kumi zimekuwa tano, unahesabu kila chubwi linapopita mstari, likienda na likirudi, wakati fomula inahesabu safari nzima. Watu huchanganywa pia na desturi ya mafundi wa saa: pendulamu ya karibu mita moja huitwa ya sekunde moja, kwa sababu kila upande huchukua sekunde moja, lakini kipindi chake ni sekunde mbili. Ukidhani kipindi ni sekunde moja, ukahesabu safari nzima 600, dakika kumi zinakuwa ishirini. Chagua upande mmoja tu wa kuhesabia, uuandike kwenye karatasi kwa mshale.

Kuna kosa jingine la jamii hii, nalo hutokea mtu anapotaka kubadilisha kipindi. Anataka sekunde 4 badala ya 2, anazidisha urefu mara mbili, halafu anashangaa kuona kipindi ni sekunde 2.8. Urefu umo ndani ya kipeuo cha pili. Ili kipindi kiwe maradufu urefu lazima uwe mara nne, yaani karibu mita 4, na hapo unahitaji ghorofa. Kwenda upande wa pili ni rahisi: kipindi cha sekunde 1 kinataka sentimita 24.8 tu. Lakini sikushauri, na sababu utaiona hapo chini.

Kinawahi kwa sekunde chache

Hili ndilo lililomkuta mpwa wangu, na ndilo lenye mafunzo mengi zaidi. Alipima mara tatu, na mara zote tatu kete ya 30 iliingia shimoni wakati simu inaonyesha dakika 9 na sekunde 51 na ushei. Kwa wastani aliwahi kwa sekunde 8.4.

Kosa linalorudi vilevile mara tatu ni jambo jema. Lina maana upepo, uchovu wa macho na bahati mbaya havimo. Kuna kitu kimekaa vibaya na kinabaki hivyohivyo. Ila sekunde 8.4 peke yake haisemi ni kitu gani. Nilimwambia apime dakika 5 badala ya 10, asibadilishe chochote. Kete 15. Safari hii aliwahi kwa sekunde 5.2.

Hapa simama ufikiri. Kama kosa lote lingekuwa la uzi mfupi, kila mbembeo ungeiba kiasi kidogo kilekile, na nusu ya mibembeo ingeiba nusu ya sekunde. Nusu ya 8.4 ni 4.2, wala si 5.2. Kwa hiyo kulikuwa na makosa mawili yaliyolaliana: moja linalokua kwa kila mbembeo, na jingine linalotokea mara moja tu bila kujali umepima muda gani.

Kuyatenganisha ni hesabu ya kutoa. Kutoka dakika 5 hadi 10 kosa liliongezeka kwa 8.4 kutoa 5.2, yaani sekunde 3.2. Hicho ndicho kinachoibwa na mibembeo 150. Mibembeo 150 ya mwanzo nayo iliiba 3.2 zake, ambazo ukiziondoa kwenye 5.2 inabaki sekunde 2. Sekunde 2 kamili, sawa na mbembeo mmoja.

Nilimwomba ahesabu tena mbele yangu. Chubwi lilipopita mstari, akabonyeza simu na kutamka "moja". Hapo hapo! Wakati anaanza kupima hakuna mbembeo hata mmoja uliokamilika, kwa hiyo kilichopita ni sifuri. Akisema "moja" pale, atakapotamka 300 mibembeo iliyopita ni 299. Tangu siku ile huhesabu kwa kushuka kwanza, "tatu, mbili, moja, sifuri", na simu hubonyezwa kwenye sifuri.

Na ubonyeze chubwi linapopita mstari, usingoje likiwa pembeni. Pembeni chubwi husita kabla ya kurudi, na jicho haliwezi kuamua ni lini hasa limegeuka. Juu ya mstari linapita kwa kasi yake kubwa kabisa, na hapo kidole hakikosei kwa zaidi ya sehemu ndogo ya sekunde.

Sasa zilibaki sekunde 6.4 za kuwahi katika dakika 10, na hizo ndizo za urefu. Kwa pendulamu ya karibu mita moja kuna kipimo cha kukumbuka: milimita 1 ni sekunde 0.3 katika dakika 10. Uzi ukizidi milimita moja utachelewa kwa kiasi hicho, ukipungua utawahi. Gawa 6.4 kwa 0.3 na unapata milimita 21. Kwa lugha nyingine, pendulamu yetu ilikuwa fupi kwa sentimita 2.1.

Mpwa wangu alikataa. Alikuwa amepima mwenyewe kwa tepu, chubwi likining'inia, na alinionyesha: kila uzi sentimita 95.1 kutoka kulabu hadi kwenye pete, na sentimita 4 kutoka pete hadi katikati ya chubwi. Jumla 99.1. Hesabu yake ya kujumlisha ilikuwa sahihi, na tepu haikuwa na kosa.

Kosa lilikuwa kwenye V. Alipima kwa kuufuata uzi, na uzi wa V umelala kwa mshazari. L ya kwenye fomula ni kina: umbali wa kwenda chini moja kwa moja, kutoka mstari unaounganisha kulabu mbili hadi katikati ya chubwi. Kila uzi ulianzia sentimita 20 pembeni ya katikati, kwa hiyo kina chake unakipata kwa kanuni ya Pithagorasi:

```
√(95.1² − 20²) = 93.0
93.0 + 4 = 97.0
```

Sentimita 97.0 badala ya 99.1. Upungufu ni sentimita 2.1, zilezile ambazo saa ilikuwa imekwisha kutuambia bila tepu. Nakiri nilifurahi kuliko yeye.

Dawa ni kugeuza hesabu. Tunataka kina cha sentimita 95.1 hadi kwenye pete, basi kila uzi uwe kipeuo cha pili cha 95.1² + 20², yaani sentimita 97.2. Kama hutaki hesabu, chukua kijiti kilichonyooka, kilaze kwenye kulabu mbili, kisha teremsha tepu kutoka katikati ya kijiti hadi katikati ya chubwi. Waashi hufanya hivyo kila siku kwa timazi.

Wale wenye uzi mmoja hawana shida ya mshazari, lakini wana ndugu yake: hupima hadi kwenye fundo au hadi chini kabisa ya kitu kinachoning'inia. Kinachotakiwa ni hadi kwenye kitovu cha uzito. Kwa chubwi la duara au la yai ni katikati yake. Kwa chupa iliyojazwa mchanga nusu, kitovu kiko karibu na katikati ya mchanga, chini sana kuliko katikati ya chupa. Ukipima hadi kwenye kifuniko unaweza kukosea kwa sentimita 15, na hapo kosa linafika sekunde 40 na zaidi. Usijaze maji, kwa sababu maji nayo hucheza ndani.

Hiki kipimo cha milimita ndicho pia kinachonifanya niikatae pendulamu fupi ya sentimita 24.8. Kwake milimita 1 haileti sekunde 0.3, inaleta 1.2. Tepu ileile, jicho lilelile, na kosa mara nne.

Kinachelewa karibu sekunde moja, na urefu umetoka kitabuni

Vitabu vingi huandika g kuwa 9.81, na ukikitumia kipimo hicho unapata urefu wa sentimita 99.4 kwa kipindi cha sekunde 2. Tundika urefu huo hapa Mombasa na dakika zako kumi zitachelewa kwa sekunde 0.9. Utarudia, utapima uzi upya, utaona kila kitu ni sawa, na bado itachelewa 0.9.

Kosa haliko kwako. Mvutano wa dunia haulingani kila mahali. Dunia imevimba kiunoni na inajizungusha, kwa hiyo karibu na ikweta vitu huvutwa kwa nguvu ndogo kidogo kuliko Ulaya, ambako zile 9.81 zilitoka. Jambo hili liligunduliwa kwa pendulamu yenyewe. Mwaka 1672 mnajimu Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya pendulamu kutoka Paris hadi Cayenne, Amerika ya Kusini. Kule saa ikawa inachelewa karibu dakika mbili na nusu kwa siku, naye akalazimika kuifupisha pendulamu kwa chini kidogo ya milimita 3. Newton aliutumia ushahidi huo mwaka 1687 kueleza kwamba dunia si duara kamili.

Cayenne iko karibu digrii 5 kaskazini ya ikweta. Mombasa iko digrii 4 kusini. Kwa hiyo milimita 3 za Richer ndizo milimita 3 zetu, kutoka 99.4 hadi 99.1. Mtoto wa Mvita anayefupisha uzi wake hivyo anarudia kazi ya yule mnajimu kwa mshipi wa samaki, na ningependa kila mwalimu wa fizikia wa pwani amwambie mwanafunzi wake hivyo badala ya kumwambia "umepima vibaya".

Kama pendulamu itachukuliwa Nairobi, mwinuko wa kule hupunguza mvutano kidogo zaidi, lakini tofauti kwa dakika 10 haifiki robo ya sekunde. Iache kama ilivyo.

Jana kilikuwa sawa, leo kinachelewa

Baada ya kurekebisha hesabu na kina, kipima muda cha mpwa wangu kililala kikiwa sahihi. Asubuhi yake kilichelewa kwa sekunde 0.9. Kwa kipimo chetu hizo ni milimita 3, na hakuna aliyekigusa.

Nailoni mpya hunyooka ikibebeshwa mzigo, kisha huendelea kulegea polepole kwa saa nyingi. Mshipi wa unene wa nusu milimita ukibeba robo kilo peke yake unaweza kurefuka milimita 6 kwa mita moja, yaani karibu sekunde 2 kwa dakika 10. Kwenye V kila uzi hubeba nusu ya mzigo, ndiyo maana wetu ulisogea kidogo tu. Kwa hiyo usipime uzi ukiwa umelala mezani. Tundika chubwi, liache usiku kucha, kisha pima na urekebishe. Fundo nalo hukaza usiku huo huo, na milimita moja au mbili hutoka hapo.

Uzi wa katani au pamba una tabia ya kinyume, na hapa pwani huonekana sana wakati wa masika. Ukinyonya unyevu, nyuzinyuzi zake huvimba, msokoto unakaza, na uzi unafupika. Wenye majahazi wanaijua kamba iliyolowa jinsi inavyokaza. Ukiona kipima muda chako kinawahi siku za mvua na kurudi sawa jua likitoka, usihangaike na hesabu. Badilisha uzi.

Kila ukipima jibu ni jingine

Hapa sasa urefu hauna lawama, maana urefu hutoa kosa lilelile kila mara. Anza na ukubwa wa mbembeo. Fomula niliyoandika ni ya mbembeo mdogo. Ukilivuta chubwi mbali, kipindi hurefuka: kwa pembe ya digrii 5 nyongeza ni kama sehemu 5 kwa elfu kumi, haidhuru, kwa digrii 20 inakuwa karibu sehemu 8 kwa elfu moja. Watoto hupenda kulivuta chubwi mpaka usawa wa bega. Kwa kuwa leo wamelivuta sana na kesho kidogo, majibu hayafanani.

Kulithibitisha ni rahisi. Pima mibembeo 50 ya mwanzo, liache chubwi liendelee, kisha pima mibembeo 50 mbembeo ukiwa umekwisha kuwa mdogo. Zote mbili zingepaswa kuwa sekunde 100. Kama ya mwanzo ni 100.7 na ya mwisho ni 100.1, umelivuta mno. Kwa pendulamu ya mita moja, digrii 5 ni kulivuta chubwi sentimita 8 au 9 tu kutoka kwenye mstari. Tulichora alama ya pili kwenye karatasi, na sheria ikawa: hulivuti kupita alama, na huliachii kwa kulisukuma.

Kama mbembeo ni mdogo na bado majibu yanayumba, tazama kilichoshikilia nyuzi. Mara moja nilimkuta mtoto wa jirani ametundika yake kwenye mgongo wa kiti cha plastiki. Weka bilauri ya maji juu ya kiti. Maji yakicheza kufuata chubwi, basi kiti nacho kinabembea, kinachelewesha pendulamu na kuimaliza nguvu. Boriti ya mkoko iliyojengewa ukutani haina shida hiyo. Meza nyepesi inayo.

Mwisho ni upepo. Baraza letu linatazama upande unaoingiza kusi, na miezi ile mchana hatuwezi kupima kitu. Utaujua upepo kwa kutazama chubwi likiwa limetulia: kama halikai juu ya mstari, linasogea kidogo na kurudi, hapo hupati sekunde sahihi. Pima alfajiri, au ndani ya nyumba feni ikiwa imezimwa. Kuongeza uzito husaidia, na hapa ndipo lile chubwi la nusu kilo linapopata kazi.

Kama mbembeo unafifia kabla ya dakika kumi na unataka kuongeza nguvu, gusa chubwi kwa kidole linapopita juu ya mstari, kuelekea kule kule linakokwenda. Ukilisukuma likiwa pembeni unaharakisha au unachelewesha mbembeo ule, na kosa hilo hutalipata tena ukilitafuta.

Kipimo cha mwisho

Jumamosi alfajiri, kabla upepo haujaamka, tulipima mara tano. Kina kilikuwa sentimita 99.1 baada ya nyuzi kulala na mzigo usiku mbili, chubwi lilivutwa sentimita 8, hesabu ilianzia sifuri, na mimi ndiye niliyeweka kete. Mara zote tano kete ya 30 iliingia ndani ya nusu sekunde ya dakika 10 za simu, mara nyingine ikiwahi kidogo, mara nyingine ikichelewa kidogo. Kosa likiwa linaruka pande zote mbili hivyo, ni la kidole kinachobonyeza simu, wala hakuna uzi wa kurefusha wala wa kufupisha. Mpwa wangu alitia alama ya wino kwenye kila uzi pale unapogusa kulabu, akakunja mshipi kuzunguka kadibodi, akaenda nao shule.